Walijuaje kwamba kiini cha nje cha dunia ni majimaji wakati hakuna aliyefika? Wajuzi wa mawimbi ya tetemeko nisaidieni

MwalimuNaliendele
Wakuu habari za jioni. Nafundisha jiografia sekondari hapa Mtwara. Wiki hii tuko kwenye tabaka za dunia: ganda, mantili, kiini cha nje, kiini cha ndani. Nimeandika ubaoni kama kawaida, "kiini cha nje ni majimaji, kinaanzia kilomita 2,900", binti mmoja akanyoosha mkono. Akasema mwalimu, shimo refu kuliko yote waliyochimba watu ni la Kola kule Urusi, mita 12,262. Hiyo ni kilomita 12 na kidogo. Hizo 2,900 nani alizipima, na nani aliyaona hayo majimaji?

Nikamjibu kwamba ni mawimbi ya tetemeko. Akauliza, yanatuambiaje? Hapo nikarudi kwenye sentensi ya kitabu, "mawimbi ya S hayapiti kwenye kimiminika", na niliona usoni mwake kwamba hajapata jibu. Kusema kweli hata mimi nataka kuelewa zaidi ya hiyo sentensi. Mtu anayejua anieleze hatua kwa hatua.

Kipanga_wa_SIDO
Mwalimu, hili ni jepesi. Tetemeko likitokea, mawimbi ya P, yale ya kusukuma na kuvuta, na ya S, yale ya kutikisa ubavuni, yanasambaa ndani ya dunia. Ukifika umbali wa nyuzi 104 kutoka kwenye kitovu, yote mawili yanapotea. Sehemu hiyo inaitwa kivuli. Yanapotea kwa sababu yamekutana na majimaji. Nyuzi 142 P zinarudi, S hazirudi tena. Ndiyo ushahidi wenyewe.

Nahodha_Msimbati
Nasubiri wajuzi. Ila mimi nina swali langu la zamani linaloendana na hili. Mwaka 2004 ile tsunami ya Sumatra ilifika hadi pwani yetu ya Tanzania. Huku kwetu hakuna aliyehisi ardhi kutikisika. Sasa hayo mawimbi ya tetemeko yalipita wapi, au yalikuja pamoja na maji?

MamaMitetemo
Mwalimu, hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Nimestaafu, niko Lindi, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia kusoma rekodi za matetemeko. Nitaeleza taratibu.

Nianze na Kipanga, maana alichosema kimo vitabuni vingi na nusu yake ni sahihi. Kivuli kipo. S haivuki, hiyo nayo ni kweli. Lakini kivuli cha P hakitokani na umajimaji. P hupita kwenye majimaji bila shida, ndiyo maana samaki husikia mlio wa injini ya boti. Kivuli cha P kinatokana na jambo lingine kabisa: mwendo wa wimbi kupungua ghafla, na wimbi likipungua mwendo linapinda. Hata kama kiini kingekuwa kigumu kabisa, alimradi kiwe cha mwendo mdogo kuliko mantili, kivuli cha P kingekuwepo.

Kwa hiyo mwalimu ana maswali mawili hapa. Kwanza, tunajuaje kuna kitu tofauti kuanzia kilomita 2,900? Pili, tunajuaje kitu hicho ni majimaji? Majibu yake hayafanani na hata kihistoria hayakupatikana siku moja.

Nahodha, swali lako ni zuri na nitalijibu, kwa sababu Sumatra inanisaidia kuanzia pale ambapo mambo ni ya kawaida.

Kipanga_wa_SIDO
Mama, kwa heshima, kila kitabu cha kidato cha tano kinasema kivuli ni kwa sababu ya kiini cha majimaji. Vyote vimekosea?

MamaMitetemo
Vimefupisha mno, mwanangu. Kivuli cha S kinatokana na majimaji. Kivuli cha P kinatokana na kupinda. Ukiviweka kwenye sentensi moja vinafanana, na mwanafunzi hawezi tena kujua kipi kinathibitisha nini.

Turudi kwa Nahodha. Nimepiga hesabu ya pembe kati ya Mtwara mjini na kitovu cha Sumatra: ni kama nyuzi 57, tukipima kutoka katikati ya dunia. Kila uzi mmoja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo ni zaidi ya kilomita 6,300. Tetemeko lilianza saa 9 na dakika 58 usiku kwa saa zetu. Wimbi la P kwa umbali huo linachukua dakika 10 kasoro kidogo. S inachukua karibu dakika 18. Maana yake, saa 10 na robo na dakika chache alfajiri, mawimbi yote mawili yalikuwa yameshapita chini ya kitanda chako, Nahodha. Hukuamka kwa sababu kwa umbali ule ardhi inapanda na kushuka taratibu sana, kwa kiasi ambacho mwili hauhisi ila mashine inaona. Maji yalikuja baada ya saa nyingi kwa sababu tsunami inakwenda kwa kasi ya ndege, siyo kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde.

Kwa umbali wa nyuzi 57 mawimbi yamepita ndani ya mantili tu, hayajagusa kiini. P imefika, S imefika, zote safi. Sasa chukua tetemeko jingine lililo mbali zaidi na uangalie kitakachobadilika.

Nahodha_Msimbati
Ahsante Mama. Kumbe lilipita nikiwa nimelala.

MwalimuNaliendele
Shikamoo Mama. Nimekaa kusikiliza. Lakini kabla hujaendelea, kupinda nako nieleze. Mwanga unapinda kwenye maji, hiyo naijua. Wimbi la ardhini linapindaje ndani ya mwamba?

MamaMitetemo
Marahaba mwalimu. Nenda Msimbati uangalie mawimbi ya bahari. Kule nje, kilindini, yanaweza kuwa yanakuja kwa mshazari, yakitokea kusi. Lakini yakifika ufukweni, karibu yote yanapiga pwani yakiwa yamelala sambamba nayo. Sababu ni kwamba wimbi huenda polepole penye kina kifupi. Upande uliotangulia kuingia kwenye maji mafupi unapunguza mwendo, upande uliobaki kilindini bado unakimbia, basi wimbi zima linageuka kuelekea upande wa polepole. Nahodha atanithibitishia.

Ndani ya dunia ni sheria ileile. Katika mantili, ukishuka chini mwendo unaongezeka kwa sababu mgandamizo unafanya mwamba uwe mgumu zaidi. P iliyo na mwendo wa kilomita 8 kwa sekunde juu ya mantili inafika kilomita 13.7 kwa sekunde chini kabisa. Kwa hiyo mwale unaoshuka kwa mshazari unapindwa kidogo kidogo kuelekea juu, kama upinde, mpaka unarudi kutoka upande mwingine. Mawimbi ya Sumatra yalifanya hivyo kuja Mtwara.

Halafu kwenye kina cha kilomita 2,890 hivi, mwendo wa P unaanguka ghafla kutoka 13.7 hadi 8.1. Ule mwale ambao ulikuwa karibu kugusa tu juu ya kiini, ukiingia ndani hauendelei na njia yake. Unazama. Chukua kikokotozi: gawanya 8.1 kwa 13.7 unapata 0.59, ambayo ni sine ya nyuzi 36. Mwale uliokuja umelala, nyuzi 90 kutoka kwenye wima, unaingia kiinini ukiwa nyuzi 36 tu kutoka kwenye wima. Umegeuzwa nyuzi 54 kwa mkupuo mmoja. Ukitoka upande wa pili unageuzwa tena. Matokeo yake unaibukia mbali sana na pale ambapo ungeibukia kama kiini kisingekuwepo. Kati ya mwale wa mwisho ulioponea juu ya kiini na ile iliyozamishwa, panabaki mkanda wa uso wa dunia usiopata P ya moja kwa moja. Huo ndio mkanda wa Kipanga wa nyuzi 104 hadi 142.

Nahodha_Msimbati
Nathibitisha, mawimbi yanageuka kweli. Hata ukitia nanga nje ya mwamba utaona yanavyozunguka ncha ya rasi na kupiga hata upande uliofichika.

MamaMitetemo
Nahodha, hilo la kuzunguka ncha ya rasi tutalihitaji baadaye. Liweke.

Mzee_Kitaya
Habari zenu. Mimi niliona neno mitetemo nikaingia. Kwetu ilipita kampuni ya kupima gesi, wakaleta magari yao ya kutikisa ardhi, na baada ya wiki chache nyumba yangu ikapata ufa kuanzia dirishani hadi kwenye msingi. Nilikwenda kulalamika nikaambiwa niandike barua. Sasa hayo mawimbi yao nayo yanafika kwenye hicho kiini? Na yanaweza kuleta tetemeko kama lile la Agosti 2020 la huko Mafia?

MvutaNyaya
Mzee pole. Mimi nimefanya kazi hizo msimu mmoja, kutandika nyaya na kuchomeka jiofoni, vile vipokea mtikiso, ardhini. Mawimbi yale ni madogo. Tulikuwa tunaambiwa yanatafuta tabaka za mchanga na udongo wenye gesi, siyo mbali. Nijuavyo visima vya Msimbati havifiki hata kilomita 4.

MamaMitetemo
Mzee wangu, pole kwa nyumba. Kuhusu ufa siwezi kusema bila kuona. Nikipata nafasi ya kushauri: pima umbali kutoka nyumbani hadi mstari walikopita, piga picha ufa ukiwa na rula pembeni, rudia kila mwezi. Ufa unaoendelea kupanuka masika na kutulia kiangazi mara nyingi unatokana na udongo wa mfinyanzi unaovimba. Ufa uliotokea siku moja na kubaki vilevile unaipa hoja yako nguvu zaidi. Peleka hivyo vipimo pamoja na barua.

Kuhusu kiini, hapana, nguvu ya magari yale inapotelea kwenye kilomita chache za juu. Na lile la tarehe 12 Agosti 2020, lililokuwa na ukubwa wa karibu 6 na kuhisiwa hadi Dar es Salaam, lilitokana na nyufa za asili za ganda huko baharini.

Lakini kazi ya MvutaNyaya na kazi ya kupima kiini ni ndugu. Kule wanatuma mtikiso, wanapokea mwangwi kutoka kwenye tabaka, wanagawa muda kupata kina. Na sisi tunapata mwangwi kutoka kwenye uso wa kiini. Tetemeko likitokea karibu na kituo, kuna P inayoshuka wima, inagonga kiini, inarudi. Inachukua dakika 8 na nusu kwenda na kurudi. S nayo inashuka, inagonga, inarudi baada ya dakika 15 na nusu hivi. Safari ni ileile, kilomita 5,780 jumla. Wanafunzi wa mwalimu wagawe wenyewe, watapata mwendo wa wastani wa mantili: kama kilomita 11.3 kwa sekunde kwa P, na 6.2 kwa S.

Asha_K6
Nimegawa, imetoka. Lakini Mama, hapa si tunazunguka? Ili kupata mwendo umetumia kina, na kina umekijua kwa kutumia mwendo.

MamaMitetemo
Asha, umegusa penyewe. Mwangwi peke yake haukupi vyote viwili. Mwendo wa kila kina unapatikana kwanza kutoka kwenye mawimbi yasiyogusa kiini. Unachukua matetemeko mengi, unapanga muda wa kufika kwa vituo vya nyuzi 20, 30, 40 na kuendelea. Mwale wa nyuzi 30 umezama kidogo, wa nyuzi 80 umezama sana. Ukianza na wa juu unapata mwendo wa juu, ukishaujua unautumia kupata wa chini yake, tabaka kwa tabaka. Ukifika chini ya mantili mwendo wote unao, ndipo ukingo wa kivuli na mwangwi vinakuambia kina. Kama vinakupa kina kimoja, uko salama. Beno Gutenberg aliyatumia mahali kivuli kinapoanzia na kuishia, miaka ya 1913 na 1914, akapata kilomita 2,900. Zaidi ya miaka 100 baadaye tumemsogeza kwa kilomita 10 hivi tu.

Ganda nalo lilipatikana kwa hesabu za jamii hiyo. Andrija Mohorovičić, mwaka 1909, aliona tetemeko moja karibu na Zagrebu limeleta P mbili kwenye vituo vya mbali, moja iliyopita juu na nyingine iliyoshuka ikakimbia kwenye mwamba wa mwendo mkubwa kisha ikapanda. Mpaka huo unabeba jina lake. Chini ya mabara uko kilomita 30 hadi 40 kwa kawaida, chini ya bahari kuu karibu 7 tu chini ya sakafu ya bahari. Sitakaa sana hapo, swali la mwalimu ni la kiini.

MwalimuNaliendele
Mama hapo umenifungua. Sasa naomba ule mfano wa tetemeko la mbali.

MamaMitetemo
Nimechagua Japani, tarehe 11 Machi 2011, ukubwa 9.0 hadi 9.1. Kwetu ilikuwa saa 2 na dakika 46 asubuhi, mwalimu ulikuwa unaingia kipindi. Nimechagua hilo kwa sababu ya mahali tulipo. Pembe kutoka kwenye kitovu hadi Mtwara ni nyuzi 106. Kituo cha Kilima Mbogo, Kenya (KMBO), kiko nyuzi 102 na nusu. Kituo cha Lusaka, Zambia (LSZ), kiko nyuzi 118. Afrika Mashariki yote ilikuwa imekaa kwenye ukingo wa kivuli na Lusaka imo ndani kabisa.

Kama una TauP, programu inayokokotoa muda wa mawimbi kufika, iulize Lusaka inatakiwa kupata nini. Majina ya mwishoni ni ya mawimbi matano nitakayoyaeleza kwa mpangilio huohuo:

```
taup_time -mod ak135 -h 29 -deg 118.3 -ph Pdiff,PKIKP,PP,SKS,SS
```

Kwa Kilima Mbogo, kitu cha kwanza kinatakiwa kufika kabla kidogo ya dakika 14. Ni P, ila dhaifu. Na hapa naomba mnisikilize, maana ndipo vitabu vinapochora mstari wa rula na dunia haina mstari huo. Kwa modeli za sasa, mwale wa mwisho unaogusa kiini bila kuingia unaibukia karibu nyuzi 98 au 99. Baada ya hapo P haikatiki kama taa iliyozimwa. Inaambaa juu ya uso wa kiini, inazunguka kama mawimbi ya Nahodha yanavyozunguka ncha ya rasi, huku ikizidi kudhoofika. Kwenye 102 bado unaiona. Mtwara, 106, ungeiona kwa shida zaidi. Lusaka inatakiwa kufika karibu na dakika 15, na kwa tetemeko dogo usingeiona kabisa. Kwa kubwa kama lile, katika mizunguko mirefu, inaonekana. Hiyo 104 ni mahali ambapo mashine za zamani zilishindwa kuiona.

Kabla kidogo ya dakika 19, Lusaka inapata wimbi jingine dogo. Hilo limepita katikati kabisa, kwenye kiini cha ndani. Zamani mawimbi madogo ya namna hiyo ndani ya kivuli yaliwasumbua watu, wengine wakafikiri ni ya kuambaa. Inge Lehmann, mwaka 1936, akitumia tetemeko la Nyuzilandi la 1929, ndiye aliyesema ndani ya kiini kuna kiini kingine chenye mwendo mkubwa kinachoyarudisha. Kisha dakika ya 20 Lusaka inapata wimbi kubwa kuliko yote hayo, P iliyogonga uso wa dunia katikati ya safari ikashuka tena. Hilo halijagusa kiini.

Kipanga_wa_SIDO
Sawa kwa P nimekubali, sikujua hilo la kuambaa. Lakini S inabaki pale pale. Lusaka haipati S yoyote, na hiyo ni kwa sababu ya majimaji. Si ndiyo?

MamaMitetemo
Ungekaa nami mbele ya rekodi ya Lusaka, ungeniambia "Mama, S hiyo hapo". Kati ya dakika 25 na 26 kuna wimbi safi linalotikisa kwa ulalo, tabia zote za S. Kisha karibu dakika 36 lingine kubwa zaidi.

Asha_K6
Sasa imekuwaje tena? Si tumesema S haipiti?

MamaMitetemo
Hilo la dakika 36 ni S iliyogonga uso wa dunia katikati ya safari, kama ile P ya dakika 20. Haijaingia kiinini. Na hili limeshamchanganya mtu mkubwa. Richard Oldham, mwaka 1906, ndiye wa kwanza kuonyesha kwa rekodi za matetemeko kwamba dunia ina kiini. Aliona S zinachelewa sana kupita nyuzi 120, akasema zimepita kwenye kiini cha polepole. Nyingi ya zile S zilizochelewa zilikuwa za kugonga juu kama hiyo ya dakika 36. Kiini alikipata, akakadiria kipenyo kidogo mno, na hakusema ni majimaji.

Hilo la dakika 25 ndilo tamu. Lilitoka Japani likiwa S. Likafika kwenye kiini. Kwenye majimaji hakuna ugumu wa kushika mtikiso wa ubavuni, ukichota maji kwa mkono ukayasukuma pembeni hayarudi yalikokuwa. Kwa hesabu, mwendo wa S ni `sqrt(mu/rho)`, ambapo `mu` ni huo ugumu na `rho` ni msongamano, na `mu` ikiwa sifuri, S haipo. Lakini nishati haipotei tu. Sehemu inarudi juu kama mwangwi, sehemu inageuka kuwa P, inavuka kiini kama P, na ikitoka upande wa pili sehemu yake inageuka tena kuwa S. Kwenye rekodi unaiona ni S, lakini ndani ya kiini haikuwa S. Unaitambuaje? Kwa muda: hesabu ya safari hiyo inakubali tu ukiweka kipande cha katikati kwa mwendo wa P. Na kwa mtikiso wake: inatikisa kwenye mstari wa kuelekea Japani, karibu haitikisi kwa kukata mstari huo. S inayotikisa kwa kukata haiwezi kugeuka P kwenye uso wa kiini, inarudishwa yote. Ndiyo maana mwangwi wa S ya namna hiyo kutoka kwenye kiini una nguvu sana. Uso wa kiini kigumu ungeruhusu sehemu yake ipenye.

MwalimuNaliendele
Mama, nimesoma hiyo aya mara kadhaa na bado nina swali moja. Kabla ya kuujua huo mwangwi, mtu akisema S ya moja kwa moja haionekani kwa sababu imechoka tu njiani, kiini ni kigumu lakini kinameza mawimbi, angejibiwaje?

MamaMitetemo
Hiyo ndiyo hoja iliyokuwepo kweli, na ndiyo iliyofanya Gutenberg mwenyewe asikubali haraka umajimaji. Kutoonekana kwa wimbi ni ushahidi dhaifu. Jibu lilitoka kwa Harold Jeffreys mwaka 1926, na lilitoka baharini, yaani kwenye kupwa na kujaa.

Mwezi hauvuti maji peke yake. Unavuta na mwamba, dunia nzima inavimba na kushuka kidogo mara mbili kwa siku. Ukipima inavyolegea, unapata ugumu wa wastani wa dunia nzima. Upande mwingine, mwendo wa S unakupa ugumu wa mantili. Jeffreys akalinganisha, akakuta mantili peke yake ni ngumu kuliko wastani wa dunia nzima. Sasa kama sehemu kubwa ni ngumu kupita wastani, iliyobaki lazima iwe laini mno ili kuushusha wastani huo. Iliyobaki ni kiini. Hapo hoja ya kuchoka njiani haikusaidii, kwa sababu hiki kipimo hakitegemei S kuvuka.

Kipanga_wa_SIDO
Hii ya mwezi sijawahi kuisikia shuleni. Basi na mantili nayo, kwa joto lile na volkano zinazotoka huko, si nayo ni uji uji? Notisi nyingi zinasema mantili ni miamba iliyoyeyuka.

MamaMitetemo
Tumia kipimo chako mwenyewe. S ya Sumatra ilipita mantili hadi Mtwara. Ingekuwa imeyeyuka isingefika. Mantili ni mwamba mgumu unaotiririka polepole mno kwa mamilioni ya miaka, na kuna sehemu za juu zenye kuyeyuka kidogo sana ambako S inapunguza mwendo lakini inapita. Mwalimu, hilo la notisi naomba ulirekebishe kesho, linaharibu somo lote.

MwalimuNaliendele
Lipo kwenye notisi zangu pia. Nalifuta.

MvutaNyaya
Mama, kwenye kazi yetu, tulikuwa tunapata tabaka za kuinama, si za usawa. Je, uso wa kiini nao uko sawa? Au mantili ni ileile kila mahali?

MamaMitetemo
Mantili si ileile, na sehemu moja isiyofanana na nyingine ipo hapa kwetu. Chini ya Afrika, kuanzia juu ya kiini na kupanda mamia ya kilomita, kuna eneo kubwa ambalo S inapita polepole kwa asilimia chache kuliko kwingine kwenye kina hicho. Lingine la namna hiyo liko chini ya Pasifiki. Kwa hiyo wimbi linalokuja kituo cha Afrika Mashariki au Kusini linaweza kuchelewa kwa sekunde kadhaa kuliko jedwali linavyosema, na kosa halitakuwa la saa ya kituo.

Kipanga_wa_SIDO
Polepole maana yake moto zaidi. Ndiyo linaloinua Afrika na kulisha Bonde la Ufa.

MamaMitetemo
Joto linachangia, sina shaka. Lakini kingo zake ni kali mno mahali pengine, wimbi moja linachelewa na jirani yake halicheleweshwi, na joto peke yake huwa halina kingo kali kiasi hicho. Wengine wanasema ni mwamba wa aina nyingine, mzito, uliokaa chini tangu zamani. Ungeamua kwa kupima uzito wake. Baada ya tetemeko kubwa sana dunia nzima hubaki ikitikisika kwa muda mrefu, mtikisiko mmojawapo una mzunguko wa karibu dakika 54, na katika mitikisiko ya jamii hiyo uzito wa mantili ya chini unaacha alama ndogo. Waliosoma alama hizo hawajakubaliana, wengine wamepata ni zito kuliko majirani, wengine ni jepesi.

Kipanga_wa_SIDO
Mimi nabaki na joto. Kitu kizito kingekaa chini, kisingepanda mamia ya kilomita.

Asha_K6
Au kizito chini na chepesi juu, kwenye eneo lilelile? Mama, kuna mtu amejaribu kupima hivyo?

MamaMitetemo
Wapo wanaosema hivyo hasa, Asha. Shida ni kwamba ile mitikisiko mirefu haioni vitu vidogo, inachanganya juu na chini. Ukiwa na kompyuta shuleni, pakua rekodi za KMBO na LSZ za tarehe 11 Machi 2011, zipo wazi kwa kila mtu chini ya mtandao wa vituo vya matetemeko unaoitwa IU. Geuza zile rekodi mbili za mtikiso wa ulalo ziwe za kuelekea Japani na za kukata, tafuta lile wimbi la dakika 25 Lusaka, halafu niambie limefika sekunde ngapi nje ya jedwali. Mwalimu atakusaidia kupakua.